Dhahabu kama akiba: hesabu gramu kwanza, urembo baadae

Habarini wadau. Naandika hii manake kila bei ya dhahabu ikipanda napigiwa simu na ndugu na marafiki, wote swali moja, eti ninunue saa hivi au nimechelewa. Na ukiwauliza unanunua ili ikukinge na nini hasa, kimya. Sasa hilo ndo swali la kwanza kabla hujatoa hata shilingi mfukoni, kwa iyo twende taratibu, hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: jua inakukinga na nini

Dhahabu haizai. Ukiweka gramu 20 kabatini leo, baada ya miaka kumi utakuta gramu 20 zile zile, haina riba wala gawio wala kodi ya mpangaji. Kazi yake ni moja, kukukinga na hela yako ya nyumbani inapoporomoka, kwa sababu dhahabu inauzwa kwa dola dunia nzima na hakuna serikali inayoweza kuichapisha. Wazee wetu waliyaona haya. Mwaka 1986 shilingi ya Tanzania ilishushwa toka kama 17 kwa dola moja mpaka kama 40, aliyekuwa na noti chini ya godoro alipoteza zaidi ya nusu ya nguvu yake ya kununua vitu vya nje, lakini mama aliyekuwa na bangili mbili za karati 22 bangili zake hazikusikia lolote. Uganda mwaka 1987 walibadilisha hela, shilingi 100 za zamani ikawa 1 mpya, na juu yake serikali ikakata asilimia 30 kwenye kubadilisha. Zaire mwaka 1993 zaire milioni 3 za zamani zikawa zaire mpya moja. Mkufu haubadilishwi noti, hapo ndipo unapoona maana yake.

Ila kuna vitu haikukingi na watu hawapendi kusikia. Haikukingi na bei ya dhahabu yenyewe kushuka. Januari 1980 aunsi moja ilifika dola 850, alafu ikashuka na kuzubaa mpaka miaka ya 1999 hadi 2001 ikawa inacheza kwenye dola 250 na kitu, yani miaka ishirini mtu anasubiri na bado yuko chini. Mwaka 2011 ilifika kama dola 1,900, mwisho wa 2015 ilikuwa kama 1,060. Kwa iyo ukiwa na ada ya mtoto ya mwezi wa kwanza mwakani, usiiweke kwenye dhahabu, hata kama kila mtu mtaani anasema inapanda.

Hatua ya 2: jifunze kupiga bei mwenyewe

Bei ya dhahabu kwa shilingi ni vitu viwili vimezidishwa, bei ya dunia kwa dola na bei ya dola kwa shilingi. Kwenye simu utaona bei ya dunia imeandikwa XAU/USD, hiyo ni dola kwa aunsi moja, na aunsi ya dhahabu ina gramu 31.1 (sio 28 kama ile ya jikoni, wengi wanakosea hapa). Unagawa kwa 31.1, unazidisha kwa bei ya dola siku hiyo, unapata gramu moja ya dhahabu safi, karati 24. Alafu unazidisha na usafi wa karati: 22 ni 0.916, 21 ni 0.875, 18 ni 0.750.

```
gramu = (XAU/USD ÷ 31.1) × bei ya dola × usafi
```

Hii sio hesabu ya kujifurahisha. Angalia Kenya mwaka 2024. Mwisho wa 2023 aunsi ilikuwa kama dola 2,060 na dola moja ilikuwa kama shilingi 156 na nusu, mwisho wa 2024 aunsi imefika kama dola 2,610, watu dunia nzima wanashangilia dhahabu imepanda zaidi ya robo. Lakini mwaka huo huo shilingi ya Kenya ilipata nguvu, dola ikashuka mpaka kama 129. Piga hesabu: toka kama shilingi 322,000 kwa aunsi mpaka kama 337,000, yani asilimia 5 tu, na ukitoa gharama za kununua na kuuza mtu wa Nairobi aliyenunua kwa sonara na kuuza ndani ya mwaka huo ametoka na hasara. Sio kwamba dhahabu ilimdanganya. Alinunua kinga dhidi ya shilingi kuanguka, shilingi ikasimama, basi kinga haikulipa mwaka ule. Ukilielewa hili umeelewa nusu ya habari yote.

Na mimi yalinikuta upande wa pili. Mwaka 2012 nilinunua seti ya mkufu na hereni, aunsi ilikuwa inazunguka dola 1,670 na dola ilikuwa kama shilingi 1,580 ya kwetu. Mwisho wa 2015 nikapata shida ya haraka nikauza, aunsi imeshuka kwenye 1,060, lakini dola imepanda kwenye 2,150. Kwa dola ile dhahabu ilikuwa imepoteza zaidi ya theluthi, kwa shilingi imepoteza kama asilimia 14. Shilingi kuanguka ilinipunguzia maumivu. Kilichoniumiza kweli ni kitu kingine kabisa, na ndio hatua inayofuata.

Hatua ya 3: jua unalipa nini mlangoni

Nilivyopeleka ule mkufu, sonara aliuweka kwenye mzani, akang'oa vijiwe vitatu vyeupe kwa koleo ndogo akaviweka pembeni kwenye karatasi, akapima tena. Gramu zikapungua. Vile vijiwe mwaka 2012 nilivinunua kwa bei ya dhahabu kwa sababu vilipimwa humo humo na hakuna aliyeniambia. Alafu ile hela ya ufundi niliyolipa haikutajwa kabisa, na ni kweli hairudi, fundi alishakula jasho lake.

Tupige mfano kamili, na bei hizi ni za mfano, we weka za siku yako. Tuseme gramu ya karati 24 ni laki 3. Unanunua bangili ya karati 22, gramu 20. Dhahabu safi iliyomo ni gramu 18.32, thamani yake 5,496,000. Ufundi tuseme elfu 25 kwa gramu, laki 5. Unalipa 5,996,000, milioni 6 kasoro kidogo. Sasa kesho yake unapata dharura unairudisha. Sonara anakata tuseme asilimia 5 kwenye thamani ya dhahabu, na ni haki yake manake ataiyeyusha na atasubiri mteja, anakupa 5,221,200. Umepoteza karibu laki 7 na 75 kwa usiku mmoja. Ili urudi pale ulipoanza, bei ya dhahabu kwa shilingi lazima ipande karibu asilimia 15. Na hapo sijaweka kodi ya ongezeko la thamani, ambayo duka likikupa risiti halali imo kwenye bei na ukiuza hairudishwi na mtu.

Chukua hela karibu na ile ile ununue kipande cha kiwandani, vile vibapa vilivyofungwa kwenye plastiki na namba yake, gramu 20 za dhahabu safi, chapa 999. Tuseme muuzaji anaongeza asilimia 4 juu ya bei ya dunia na akinunua tena anakata 2. Unalipa 6,240,000 hivi, unarudishiwa kama 5,880,000, hasara ya mlangoni ni laki 3 na 60, unahitaji bei ipande kama asilimia 6 tu. Tofauti ni kubwa mno. Ila uangalie ukubwa, kipande cha gramu 1 kinaongezewa asilimia kubwa kuliko cha gramu 20 kwa sababu gharama ya kukitengeneza na kukifunga ni karibu ile ile. Kununua kigramu kimoja kimoja kila mwezi kunaonekana kama nidhamu nzuri lakini unalipa ufundi mara kumi na mbili, bora uweke hela kwenye akaunti mpaka itoshe gramu 10 ndo ununue.

Sisemi usinunue bangili. Bangili unaivaa, harusini inakupendeza, unamwachia binti. Nachosema ni utenganishe vichwani, ile sehemu ya ufundi ni matumizi, kama ulivyonunua gauni, na ile sehemu ya gramu ndo akiba. Ukitaka vyote viwili chagua bangili nene isiyo na nakshi nyingi, isiyo na mawe, karati 22 au 21, hapo ufundi unakuwa mdogo. Za karati 18 zenye urembo mwingi waachie wanaonunua urembo.

Hatua ya 4: hakikisha ni dhahabu, na ya karati uliyoambiwa

Chapa ndani ya bangili inasema 916 au 875 au 750. Chapa inapigwa na nyundo na mtu yeyote, kwa iyo usiishie hapo. Masonara wakubwa siku hizi wana mashine inayopiga mionzi inasoma karati kwa sekunde chache, omba ipimwe mbele yako kabla ya kulipa, akikataa ondoka. Wale wadogo wanasugua kwenye jiwe jeusi na kudondosha tindikali, nayo inafaa ila inaangalia juu tu, kitu kilichochovywa dhahabu nene kinaweza kupita.

Nyumbani unaweza kupima kwa maji, na hii naipenda kwa sababu haiharibu kitu. Tafuta mzani mdogo wa kidijitali unaosoma mpaka 0.01 ya gramu. Pima bangili kavu, tuseme 20.00. Weka kikombe cha maji juu ya mzani, uurudishe sifuri. Funga bangili kwa uzi mwembamba uizamishe yote, isiguse chini wala pembeni, toa mapovu, soma mzani. Gawa ule uzito wa kavu kwa namba uliyosoma. Karati 22 inakupa kama 17.7, kwa iyo bangili ya gramu 20 mzani utasoma kama 1.13. Ukisoma 1.30 umepata 15.4, hiyo ni ya karati 18 umeuziwa kwa bei ya 22. Ukipata kama 9 hiyo ni shaba. Njia hii ina mipaka yake: bangili yenye uwazi ndani inadanganya, yenye mawe inadanganya, na kipande cha kiwandani kinaweza kuwekewa chuma kizito kiitwacho tangsteni ndani kwa sababu uzito wake wa 19.25 unakaribia sana wa dhahabu safi 19.3. Kwa vipande nunua kwa anayekuandikia risiti yenye namba ya kipande na aliye tayari kukinunua tena dukani kwake.

Na jambo moja naomba mlisikie vizuri. Dhahabu ghafi, ile ya unga au mawe ya mgodini, sio akiba ya mtu wa kawaida. Tanzania kuwa nayo na kuiuza bila leseni ni kosa kisheria, ndio maana toka 2019 kuna masoko ya madini, la kwanza Geita. Na zile hadithi za Nairobi, kuna mzigo umetoka Kongo uko kwenye ghala, bei nusu ya soko, tuma hela ya kodi kwanza ndo utolewe, watu wameuza mashamba kwa hizo hadithi. Mtu mwenye dhahabu halisi anaweza kuiuza leo leo kwa bei ya karibu na ya dunia, hana sababu yoyote ya kukupa we nusu bei.

Hatua ya 5: hesabu gharama ya kukaa nayo

Ukishanunua gharama haziishi. Nyumbani kuna wezi na kuna ndugu, na fundi aliyekuja kurekebisha bomba anaona kabati. Benki zenye masanduku ya kukodi zinatoza ada ya mwaka, tuseme laki 1 na nusu. Kwenye dhahabu ya milioni 6 hiyo ni asilimia 2.5 kila mwaka, miaka kumi milioni 1 na nusu, robo ya thamani imeliwa na sanduku. Kwenye dhahabu ya milioni 60 ada ile ile ni robo ya asilimia. Maana yake kwa mwenye gramu chache sanduku la benki halina faida, na kwa mwenye nyingi kutokuwa nalo ni hatari. Walio katikati wanagawa sehemu mbili na watu wawili tu wa kuaminika wanajua, na picha na risiti zinakaa mahali pengine.

Kwa Waislamu kuna zaka, asilimia 2.5 kwa mwaka ikifika nisabu, gramu 85 za dhahabu safi. Hapa pwani wengi ni madhehebu ya Shafi na kauli mashuhuri kwao ni kwamba mapambo ya mwanamke ya kuvaa kwa kiasi cha kawaida hayatolewi zaka, Hanafi wanasema yanatolewa, ila kipande cha kuweka kabatini hakina ubishi, kinatolewa. Muulize sheikh wako uiweke kwenye hesabu toka mwanzo.

Gharama kubwa kuliko zote haionekani. Milioni 6 hiyo ingekuwa kwenye hatifungani ya serikali inayolipa tuseme asilimia 12, kila mwaka ungepokea laki 7 na 20 mkononi. Hicho ndo unachokiacha. Kwa iyo dhahabu inabidi ipande kwa shilingi asilimia 12 kwa mwaka ndo mlingane, na kuna miaka inapita hapo mbali na kuna miaka haifiki hata nusu.

Wakenya wana njia nyingine, kwenye soko la hisa la Nairobi toka 2017 kuna mfuko wa NewGold, unanunua vipande vya mfuko na dhahabu inakaa kwao, ada yao ya mwaka ni chini ya nusu asilimia. Haina ufundi wala mwizi. Kasoro yake ni kwamba wanunuzi pale ni wachache, siku unataka kuuza unaweza kukaa bila mtu wa kununua kwa bei unayoitaka, na ile siku mfumo wa benki umesimama nayo imesimama.

Hatua ya 6: kiasi gani

Mimi nasema asilimia 5 mpaka 10 ya akiba yako yote, na hiyo ni baada ya kuwa na hela ya dharura ya miezi mitatu hadi sita kwenye akaunti unayoweza kutoa leo. Kwa nini kumi na sio hamsini? Chukua ile ya 2011 hadi 2015, dhahabu ilishuka karibu asilimia 45 kwa dola. Ukiwa na 10 kwenye 100, akiba yako yote imepungua 4 na nusu, unalala usingizi. Ukiwa na 60, imepungua 27, na hapo ndipo watu wanauza kwa hofu chini kabisa. Upande wa pili, shilingi ikipoteza nusu ya thamani na bei ya dhahabu kwa dola isibadilike, 10 yako inakuwa 20. Haikuokoi yote, ile 90 imeumia, lakini una kitu kizima cha kuanzia. Ukilipwa kwa dola au una ndugu Maskati anayetuma riali kila mwezi, tayari una kinga ya shilingi, 5 inakutosha.

Kabla hujanunua, pima kilichopo ndani. Rafiki yangu alikuja anataka kununua ya milioni 3, yeye na mkewe wana milioni 30 kwenye hatifungani na benki. Nikamuuliza mkewe ana nini, akasema ah, vitu vyake vya harusi. Shemeji mwenyewe akavileta, tukapima: gramu 15 za karati 21. Dhahabu safi ndani 13.1, kwa bei yetu ya mfano ni kama milioni 3.94, sonara akikata asilimia 5 anatoa 3.74. Yani kwenye akiba ya nyumba nzima ya milioni 33.74 dhahabu ni asilimia 11 tayari. Hakuhitaji kununua hata gramu. Na nilimwambia mbele ya shemeji, hiyo ni mali ya mkeo, alipewa yeye, unaihesabu kwa ruhusa yake na haiuzwi bila neno lake.

Hatua ya 7: panga utakavyouza

Andika kwenye daftari gramu, karati, tarehe, bei ya aunsi na bei ya dola siku ya kununua. Kila mwisho wa mwaka piga ile hesabu ya hatua ya 2, kwa gramu safi na bei ya kununulia ya sonara, sio bei ya dirishani. Ikivuka asilimia 15 ya akiba yote uza irudi kwenye 10, ikishuka chini ya 5 ongeza, usiende na habari za mtaani.

Siku ya kuuza nenda kwa masonara watatu siku moja asubuhi, na swali ni moja, karati 22 unanunua gramu shilingi ngapi leo, kabla hujatoa mzigo kwenye mkoba. Upimwe mbele yako, mzani usome sifuri kwanza, mawe yatolewe na urudishiwe. Kama shida yenyewe ni ya mwezi mmoja tu, uliza rehani, ila soma riba ya mwezi vizuri, asilimia 10 kwa mwezi kwenye mkopo wa milioni 3 ni laki 3, miezi mitano tu umeshalipa milioni 1 na nusu na bangili bado iko kwao. Ikipita miezi miwili, kwa hesabu ya bangili yetu, bora uuze nusu. Ndio maana nanunua mbili za gramu 10 na sio moja ya gramu 20.